"Picha si ipo kwenye kundi?" Namna ya kugeuza picha ya ubao kuwa muhtasari wa kikao

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024, asubuhi, mama mmoja wa kikundi chetu aliuliza kwenye kundi la wasapu: "Jamani, wavu wa chanja umenunuliwa na nani?" Sisi ni wachakataji wa dagaa hapa Kigoma, tunawaanika juu ya chanja zilizowambwa wavu. Tulikuwa tumekaa kikao Jumamosi iliyotangulia, tarehe 12, tukajaza ubao mweupe wa ukumbi tulioazima, tukaupiga picha, tukafuta, tukaenda zetu. Jibu la kwanza likaja: "Si tulikubaliana?" La pili: "Picha si ipo huko juu?"

Picha ilikuwepo kweli. Tuliitafuta katikati ya tanzia mbili na salamu za Ijumaa, tukaipata. Ilisema "MH", ikasema "150", na kati yake kulikuwa na mshale. Baadhi walisoma MH kuwa ni mweka hazina. Wengine walisoma Mheshimiwa, kwa sababu diwani alikuja kutufungulia kikao na akazungumzia kutusaidia. Wavu ulikuwa haujanunuliwa, na kila upande ulikuwa na picha ya kuthibitisha maneno yake.

Nimewahi kuwa karani kwa miaka mingi, kwa hiyo mwenyekiti aliniomba nizichukue zile picha niziandikie muhtasari. Kazi hiyo imenionyesha kwamba watu wengi hawajui tofauti ya vitu hivi viwili, ndiyo maana naieleza hapa hatua kwa hatua, nikitumia ubao wetu wenyewe.

Tuanze na maneno. Muhtasari wa kikao ni maandishi yanayoeleza nani walihudhuria, nini kilijadiliwa, na nini kiliamuliwa, kwa namna ambayo mtu ambaye hakuwepo anaweza kusoma akaelewa bila kumpigia mtu simu. Azimio ni uamuzi wa kikao. Kazi ni jambo ambalo mtu fulani anatakiwa akalifanye baada ya kikao. Mhusika ndiye huyo mtu. Na yatokanayo ni ile sehemu ya kikao kinachofuata ambapo kazi hizo zinaulizwa moja baada ya nyingine.

Ubao haufanyi hata moja kati ya hayo. Ubao unaandikwa kwa ajili ya watu waliomo ndani ya chumba, wakati huohuo wanaposikia maelezo. Mtu akiandika "150" kila mmoja anajua ni nini kwa sababu amesikia sentensi nzima. Kilichopigwa picha ni lile neno moja tu, sentensi imebaki hewani. Maana yake huanza kuharibika haraka kama dagaa mbichi juani: jioni ya siku ya kikao watu wote wanakumbuka, kesho yake nusu, na baada ya juma moja kila mtu ana kumbukumbu yake. Mimi niliipokea kazi hii siku ya saba, na mtaona jinsi siku hizo saba zilivyotugharimu.

Picha yenyewe kwanza, maana bila hiyo hakuna pa kuanzia. Ubao mweupe unang'aa. Ukisimama mbele yake katikati na taa ya kamera ikawaka, utapata duara jeupe palepale penye maandishi. Zima taa ya kamera, sogea hatua moja au mbili pembeni, na kama dirisha linapiga ubaoni funga pazia. Piga picha moja ya ubao mzima ili ionekane kipi kiko karibu na kipi, kisha piga vipande, kila kipande kikiingia kidogo ndani ya kingine. Halafu fanya jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: vuta picha kwenye simu ukasome maandishi madogo kuliko yote kabla kifutio hakijagusa ubao. Wino mweusi na wa bluu husomeka vizuri. Wa kijani na mwekundu uliochoka hupotea. Na unapotuma kwa wasapu usitume kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na herufi ndogo zinaingia ukungu. Bonyeza alama ya kibanio, chagua `Document`, tuma faili lenyewe.

Sisi tulikuwa na picha tatu. Mbili zilikuwa za ubao uleule katika saa tofauti, na hilo lilikuwa na umuhimu kuliko nilivyodhani.

Hatua ya kwanza ya kuandika ni kunakili, na kunakili tu. Unaandika kila kilichoko ubaoni kama kilivyo, pamoja na mishale, miduara, alama za kuuliza na vilivyokatwa. Usirekebishe, usipange, usikamilishe sentensi ya mtu. Pasiposomeka andika "haisomeki". Najua inaonekana ni kupoteza muda, lakini ukianza kutafsiri huku unanakili, utajaza mapengo kwa mawazo yako bila hata kujua kama kulikuwa na pengo. Picha ya mwisho ya ubao wetu nilipoinakili ilitoa mistari mitano:

"CHANJA 6 x 25 = 150 → MH, kabla ya giza"
"MCHANGA!!" ndani ya duara
"Turubai?? bei, J2"
"Mizani, Vipimo, saa 3"
"Usafi: wote"

Mistari mitano tu, ndiyo kikao cha saa mbili na nusu.

Hatua ya pili ni kuuliza kila mstari: wewe ni nini? Kuna uwezekano wa aina nne. Inaweza kuwa azimio, kazi, swali ambalo halijajibiwa, au wazo lililotajwa likapita. Kipimo ninachotumia kutenganisha mbili za kwanza ni hiki: azimio limekwisha pale mwenyekiti anapofunga kikao, kazi ndiyo kwanza inaanza. "Hakuna kuanika dagaa mchangani tena" ni azimio. "Kununua wavu" ni kazi. Mara nyingi azimio moja huzaa kazi mbili au tatu, na hapo ndipo vikao vingi hukosea, kwa sababu ubaoni huandikwa azimio peke yake na watu wakaondoka wakiamini kazi imegawanywa.

Mshale na duara havina kamusi. Mtu mmoja anazungushia duara jambo lililokubaliwa, mwingine anazungushia jambo la kurudiwa baadaye. Duara letu kwenye "MCHANGA" nililielewa tu baada ya kumuuliza aliyeshika kalamu. Wanunuzi walikuwa wamelalamika kwamba dagaa wetu wana mchanga na wakashusha bei, na kikao kikakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo dagaa wa kikundi wanaanikwa juu ya chanja tu. Kumbe neno moja lenye alama mbili za mshangao ndilo lilikuwa azimio kubwa la siku.

Sasa turudi kwenye mstari wa kwanza, maana ndio uliotugombanisha.

Hesabu yenyewe ilisaidia. 6 mara 25 ni 150, kwa hiyo hesabu imekaa sawa. Lakini 150 nini? Hapa kwetu watu huandika "150" wakimaanisha laki moja na nusu, na aliyezoea anasoma bila shida. Muhtasari hauandikwi kwa aliyezoea. Niliandika shilingi 150,000, yaani chanja 6 kwa shilingi 25,000 kila moja. Halafu picha ya kwanza, iliyopigwa kabla ubao haujafutwa nusu, ilionyesha "8 x 25 = 200". Mjumbe mmoja alikuwa amebeba hiyo ya 200 kichwani juma zima na alikuwa anashangaa hela nyingine imeenda wapi. Saa ya kupigwa kwa picha, ambayo simu huitunza, ndiyo iliyoonyesha ipi ilitangulia. Ilibidi nimweleze kwamba tulianza na chanja 8, tukaona mbili bado zinafaa, tukashuka hadi 6. Kama mnafuta ubao katikati ya kikao, pigeni picha kila mnapofuta, na kwenye muhtasari aandike mtu ni kipi kilibadilishwa. Picha ya zamani haijui kwamba imepitwa.

Kisha "MH". Nilimpigia simu mweka hazina.

"Shikamoo mama. Naomba unikumbushe, siku ile ya kikao uliambiwa nini kuhusu wavu?"

"Marahaba mwanangu. Mimi niliulizwa kama hela ipo kwenye akiba. Nikasema ipo, akija mtu wa kununua nitampa. Hajaja mtu."

Jibu lake ndilo lililofungua fumbo lote. Mshale ulimaanisha hela inatoka kwake. Haukusema nani ananunua. Tulikuwa tunabishana kama MH ni huyu au yule, kumbe kazi ya kununua haikuwa na mtu tangu mwanzo. Mwenyekiti na wajumbe wawili niliowauliza, kila mmoja peke yake, walikumbuka hivyohivyo. Nasisitiza kila mmoja peke yake, kwa sababu ukiuliza ndani ya kundi, wa kwanza kujibu anawakumbusha wengine kumbukumbu yake.

Ndiyo maana siku hizi kila kazi naivunja kwa maswali manne kabla sijaiandika: nani, anafanya nini, kufikia tarehe ipi, na tutajua vipi kwamba imefanyika. Kutoa hela na kununua ni kazi mbili zenye wahusika wawili. Kuwamba wavu juu ya chanja ni ya tatu. Ubaoni zote tatu zilikuwa mshale mmoja.

Tarehe nayo ilikuwa na mtego wake. "Kabla ya giza" mtu wa mjini angesoma kabla ya jua kuzama. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wengi hupumzika siku hizo. Giza ni zile siku ambazo mwezi haupo sehemu kubwa ya usiku na kazi inarudi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17 Oktoba, na wajumbe walihesabu kwamba mitumbwi ingerudi kwa wingi karibu tarehe 24. Hiyo ndiyo maana ya chanja kuwa tayari: dagaa wakishuka na chanja ni mbovu, mtaanika mchangani na azimio mmelivunja wenyewe. Kwenye muhtasari nikaandika "kufikia Jumatano, tarehe 23 Oktoba 2024". Siku ya juma na tarehe vyote viwili, kwa sababu mtu akikosea kimoja kingine kinamsahihisha.

"J2" ilitutia hasara ndogo lakini ya kukera. Wajumbe wawili walitumwa wakaulize bei ya turubai sokoni, kwa ajili ya kufunikia dagaa mvua zikianza. Mmoja alisoma Jumapili. Mwingine huhesabu siku kuanzia Jumatatu kama siku ya kwanza kazini, kwa hiyo kwake J2 ilikuwa Jumanne. Kila mmoja alienda siku yake, akamsubiri mwenzake, akarudi nyumbani. Niliwauliza wote walioandika na waliosikia, hakuna aliyekuwa na hakika. Nifanye nini hapo? Muhtasari hauruhusiwi kubuni. Niliandika kwamba wajumbe wawili walipewa kazi ya kuulizia bei, na kwamba siku haikuwekwa wazi. Na zile alama mbili za kuuliza zilikuwa na maana yake pia: kununua turubai hakukuamuliwa, kilichoamuliwa ni kuuliza bei tu. Mtu mwingine angeandika "kikao kiliazimia kununua turubai", na mweka hazina angejikuta anadaiwa hela ambayo haikupitishwa.

"Saa 3" ni ndogo lakini itaje. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Aliyeingiza kikumbusho kwenye simu aliandika 3:00 mchana, ambayo kwetu ni saa 9. Andika "saa 3 asubuhi" na mambo yaishe. Tatizo kubwa la mstari huo lilikuwa kwingine: mizani ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo ikakaguliwe, sawa, lakini na nani? Hapakuwa na jina.

Mstari wa mwisho, "Usafi: wote", una sura ya kazi iliyogawanywa, na watu wengi wanaamini hivyo. Ukiandika wote, kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye. Kazi inaweza kufanywa na watu ishirini, lakini jina la kuulizwa kwenye yatokanayo liwe moja. Kama ni kamati, andika jina la kiongozi wa kamati.

Basi nilikuwa na mashimo mawili: mnunuzi wa wavu na mpeleka mizani. Hapa ndipo mwandishi wa muhtasari hushawishika kuziba mwenyewe, hasa akiwa na nia njema. Usizibe. Katibu anaandika kilichoamuliwa. Hana mamlaka ya kugawa kazi ambazo kikao hakikugawa, na mtu asiyekubali kazi hawezi kuwa mhusika kwa sababu tu jina lake limechapwa. Nilimrudishia mwenyekiti. Jumamosi ileile jioni aliwapigia wajumbe wawili, wakakubali. Nikaandika hayo chini ya kichwa chake, "Maelezo baada ya kikao", pamoja na tarehe 19, ili msomaji aone wazi kwamba hayakuamuliwa tarehe 12. Jambo hili watu hulidharau. Lakini muhtasari wenye sahihi hutumika nje ya kikundi pia, mfano benki mnapobadilisha watia sahihi wa akaunti, na siku mtu akigundua kuna maneno yaliyochomekwa, hata yale ya kweli yatatiliwa shaka.

Sehemu ya kazi, kwa upande wa wavu na mizani, ikatoka hivi. Majina nimeyaacha hapa, kwenye muhtasari wenyewe yameandikwa kamili, jina la mtu na la baba yake:

Kazi ya 1. Kutoa shilingi 150,000 kutoka kwenye akiba kwa ajili ya wavu. Mhusika: mweka hazina. Mwisho: Jumatatu, 21 Oktoba 2024. Uthibitisho: sahihi ya aliyepokea kwenye daftari la fedha.

Kazi ya 2. Kununua wavu wa chanja 6. Mhusika: mjumbe aliyekubali tarehe 19. Mwisho: Jumanne, 22 Oktoba 2024. Uthibitisho: risiti kwa mweka hazina.

Kazi ya 3. Kuwamba wavu kwenye chanja 6. Mhusika: mwenyekiti. Mwisho: Jumatano, 23 Oktoba 2024. Uthibitisho: chanja zimekaguliwa na wajumbe wawili.

Kazi ya 4. Kupeleka mizani kwa Wakala wa Vipimo, saa 3 asubuhi. Mhusika: mjumbe wa pili aliyekubali tarehe 19. Mwisho: Ijumaa, 25 Oktoba 2024. Uthibitisho: mizani imerudi na alama ya ukaguzi.

Tarehe mbili za kwanza na ile ya mizani ziliwekwa na mwenyekiti tarehe 19, na zimeandikwa hivyo. Ya tarehe 23 pekee ndiyo ya kikao.

Muhtasari uliobaki ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Juu: jina la kikundi, namba ya kikao, tarehe, mahali, saa ya kufungua na kufunga. Kisha waliohudhuria, waliotoa udhuru, na waalikwa, ambapo diwani aliandikwa kama mwalikwa. Hapo ndipo mabishano ya MH yalipofungwa kabisa, maana mwalikwa hapewi kazi na kikao. Kila ajenda ikapata sentensi mbili au tatu za mjadala na azimio lake. Wapo wanaodhani muhtasari mzuri ni ule unaoandika kila alichosema kila mtu. Jina lenyewe linakataa: ni ufupisho. Sababu ya azimio inatosha. Niliandika kwamba wanunuzi walilalamikia mchanga. Sikuandika nani alimjibu nani kwa ukali.

Rasimu niliituma Jumapili, nikiomba marekebisho kufikia Jumatatu jioni. Yalikuja mawili. Moja lilikuwa jina lililokosewa herufi. La pili lilitoka kwa mama mmoja aliyesema azimio la kuanika kwenye chanja lilihusu dagaa wa kikundi tu, si wa mtu binafsi, na mimi nilikuwa nimeandika dagaa wote. Niliwauliza wengine, alikuwa sahihi. Neno moja hilo lingewagombanisha watu msimu mzima.

Ingawa rasimu imesahihishwa, bado ni rasimu hadi kikao kinachofuata kiithibitishe na mwenyekiti na katibu watie sahihi. Kikao hicho tulikaa Novemba. Mwenyekiti alisoma yatokanayo kwa jina na tarehe. Wavu ulinunuliwa tarehe 22, chanja tano ziliwambwa kwa wakati, ya sita mguu ulivunjika ikachelewa siku tatu, na imeandikwa hivyo. Mizani ilikuwa bado, na mhusika alisema mwenyewe kwa nini, akaomba hadi tarehe 15. Aliyeshika kalamu akaandika ubaoni jina lake lote, kazi, na "Ijumaa 15 Novemba", akageuka akauliza kama wa nyuma wanasoma.